Profesa Aliyekataliwa Mlangoni

Kwa miaka ishirini na saba Tsonka Mindova aliwadharau maprofesa wa Idara ya Magonjwa ya Mimea, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyegundua. Dharau yake ilikuwa nadhifu kama makabati yake. Aliwachapia barua, aliwakumbusha siku za vikao, aliwatafutia miwani waliyokuwa wameivaa, na akawaita "Profesa" kwa sauti ileile aliyotumia kumwita paka wa mama yake.

Alikuwa katibu wa idara. Alikuja akiwa na miaka ishirini na minane, na diploma ya kemia ambayo haikuwa na kazi tena, kwa sababu kiwanda kilichoingoja kilifungwa mwaka uleule. Aliambiwa nafasi ni ya muda. Tangu hapo amepita chini ya wakuu sita wa idara, na kila mmoja alipoingia alimweleza jinsi mambo yatakavyobadilika. Kilichobadilika ni mashine. Kwanza ilikuja faksi, baadaye barua pepe, halafu folda hizi zilizoko hewani ambazo mtu hupewa kiungo tu, akibonyeza anafika. Tsonka alijifunza kila kimoja peke yake, jioni, kwa ukaidi. Maprofesa hawakujifunza kitu. Walisema hiyo ni kazi ya ofisi.

Hivi ndivyo alivyopata imani yake kubwa maishani: kwamba jambo likiharibika, aliyeharibu ni profesa.

Novemba ile idara ilikuwa na tasnifu moja ya udaktari, ya Galena Uzunova, iliyohusu kutu ya ngano. Galena alikuwa mhadhiri msaidizi kwa mkataba, msichana mrefu mwenye mikono iliyopasuka kwa kazi ya shambani, na mkataba wake ulikuwa unakwisha na mwaka. Akitetea tasnifu Desemba, anapewa nafasi ya kudumu. Utetezi ukisogezwa hadi Februari, nafasi inatangazwa upya, na kila mtu kwenye korido alijua ni mpwa wa nani anayeingoja. Jopo lilikuwa na watu watano, wawili wa ndani na watatu wa nje. Wanne walikuwa tayari wameleta tathmini zao. Wa tano, Profesa Hrisimov wa mji mkuu, Sofia, alipaswa kuleta yake kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Jumatatu asubuhi, badala ya tathmini, ilikuja barua pepe.

"Mheshimiwa Katibu," aliandika Hrisimov, "kwa muda wa siku tisa nimejaribu kufungua folda ya mtahiniwa, na kwa siku tisa chuo chenu kinaniambia sina ruhusa. Nimeomba ruhusa mara tatu, sikujibiwa. Katika miaka arobaini ya taaluma sijawahi kufungiwa mlango namna hii. Naona kuna mtu hapo hataki nisome. Kama ni hivyo, sitaandika."

Tsonka aliisoma mara mbili, akanywa kahawa yake ya mashine ya koridoni, ile ya kikombe cha karatasi yenye ladha ya supu, akacheka kwa pua. Ujumbe wa mashine unaosema huna ruhusa, huyu ameusoma kama barua ya matusi iliyoandikiwa yeye binafsi. Angeweza kufikiri kwamba mashine haimjui. Lakini kutojulikana ndiko kulikomuuma.

Alibonyeza kiungo kilekile alichowatumia jopo. Folda ikafunguka papo hapo, na tasnifu, machapisho, na majedwali yote yakawa mbele yake. Akaandika jibu: "Mheshimiwa Profesa, kiungo kinafanya kazi. Nimekijaribu sasa hivi. Tafadhali jaribu tena kwa utulivu." Hilo neno "utulivu" alilichagua kama mtu anavyochagua kisu kwenye droo.

Galena aliingia saa nne, akasimama karibu na mlango.

"Bi Tsonka, nimesikia Hrisimov hajaandika."

"Hajaandika kwa sababu hajui kufungua kitu. Kaa, mwanangu."

"Wenzake wawili wa nje walifungua?"

"Walileta tathmini, si ndiyo? Basi walifungua."

Hakuuliza walifunguaje. Baadaye angejua kwamba mmoja alimpigia simu mjumbe wa ndani akatumiwa faili moja kwa moja, na mwingine alikuwa bado na akaunti ya chuo tangu alipofundisha hapo muhula mmoja. Lakini Jumatatu ile, kwake, hesabu ilikuwa wazi: wanne wameweza, mmoja ameshindwa, na huyo mmoja ni mjinga.

"Usiogope," alimwambia Galena. "Nitamfundisha huyo mzee kubonyeza."

Hrisimov alijibu saa saba mchana kwa mstari mmoja: "Nimejaribu kwa utulivu. Nimekataliwa kwa utulivu."

Hapo Tsonka akakasirika kweli. Alitaka ushahidi. Alitaka kuandika barua ambayo ingemfanya yule mtu aone haya mpaka masikioni, na wazo likamjia zuri kiasi kwamba alivaa koti na kushuka ghorofa tatu kwa miguu. Chini, katika kibanda cha kioo, alikaa Manol, bawabu, mtu wa kampuni ya ulinzi, mwenye miaka sitini na tatu, aliyekuwa akila banitsa, andazi la jibini, juu ya gazeti.

"Manol, simu yako ina intaneti?"

"Ina. Inaniletea picha za wajukuu na habari za vifo."

"Nakutumia kitu kwa Viber. Kibonyeze."

"Nikibonyeza nitapoteza pensheni?"

"Bonyeza tu. Nataka nimwandikie profesa mmoja wa Sofia kwamba bawabu wetu amefungua folda kwa kidole kimoja chenye mafuta, na yeye kwa kichwa kizima ameshindwa."

Manol alifuta kidole kwenye suruali. "Basi napewa kazi ya kumtukana profesa. Hiyo hata bila malipo nafanya." Akabonyeza, akasogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mimi pia nimekataliwa."

"Hapana. Lete."

Kwenye kioo cha simu palikuwa na kufuli la kuchorwa, na maneno kwamba anahitaji ruhusa, aombe au abadilishe akaunti.

"Kwa hiyo mimi na profesa wa Sofia tuko sawa," alisema Manol. "Mwambie. Atafurahi."

Tsonka alimrudishia simu. Ofisini mlango ulifunguka kila alipougusa. Hapa ulikuwa umefungwa, na aliyekuwa nje hakuwa na cheo wala kiburi cha kulaumiwa. Alikuwa tu mtu asiye wa chuo.

"Kuna kitufe hapa cha kuomba ruhusa," Manol alisema. "Nikibonyeze?"

Lakini alikuwa ameshakibonyeza.

Tsonka alipanda ngazi polepole. Njiani aliifahamu sababu kabla hata hajafika, kama mtu anavyofahamu kwamba aliacha jiko likiwaka. Folda iko ndani ya akaunti za chuo. Yeye kila asubuhi akifungua kompyuta tayari yumo kwenye akaunti ya chuo, na kwa hiyo kila jaribio alilofanya lilikuwa jaribio la mtu wa nyumbani anayejifungulia kwa ufunguo wake na kusema mlango uko wazi.

Alipoketi hakufungua kiungo kama kawaida. Alifungua dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilomkumbuka mtu, akabandika kiungo humo. Mashine ikamtaka ajitambulishe. Akaingia kwa akaunti yake ya nyumbani, ile anayotumia kwa mapishi na kwa barua za dada yake aliyeko Valencia. Likatokea kufuli. Mtu wa tatu kukataliwa siku hiyo alikuwa yeye mwenyewe, na folda ile aliipanga kwa mikono yake.

Akarudi kwenye dirisha la kawaida, akafungua sehemu ya kushiriki. Juu palikuwa na majina ya walioalikwa kwa jina: Profesa Byalkov, mkuu wa idara, aliyekuwa mwenye folda kwa sababu kanuni zilidai hivyo, na yeye, mhariri. Hakukuwa na jina jingine. Chini palikuwa na mstari wa ufikiaji wa jumla, na hapo, kwa herufi nzuri, paliandikwa jina la chuo. Alikumbuka siku aliyouchagua. Menyu ilikuwa na chaguo moja la walioorodheshwa peke yao, na la pili lenye jina la chuo kikuu. La tatu, la yeyote mwenye kiungo, watu wa kompyuta walikuwa wamelizima tangu maswali ya mtihani yalipovuja. Aliona jina la chuo, akaona ndilo lenye heshima, ndilo rasmi. Alidhani maana yake ni kwamba chuo kinawapa watu. Maana yake ilikuwa kwamba watu wa chuo tu wataona. Kiungo kilikuwa anwani, na anwani si ufunguo. Alijua hilo kwa nyumba. Hakulijua kwa folda.

Kitu kilichomwuma zaidi ni neno "utulivu".

Kabla hajafanya lolote, mlango ulifunguliwa bila kubishwa, maana Byalkov hakuwahi kubisha. Alikuwa na simu mkononi.

"Bi Mindova, nimepata barua ya ajabu. Manol wa mlangoni anaomba kusoma tasnifu ya kutu ya ngano. Ametuma mwenyewe. Ni nini hiki, wizi wa mtandao?"

"Ni Manol."

"Anataka nini na ngano?"

"Profesa, barua kama hiyo umepata mara ngapi kabla ya leo?"

Byalkov alipekua simu kwa kidole kilichonyooka kama anatoboa unga. "Zipo. Hrisimov, Hrisimov, Hrisimov. Nilidhani ni matangazo."

"Zina jina lake."

"Matangazo siku hizi yana majina."

"Na hukuniuliza."

"Bi Mindova, mimi nashughulika na sayansi."

Tsonka alimtazama mkuu wake wa sita. Maombi matatu ya profesa yalikuwa yamelala siku tisa katika mfuko wa koti lake, kwa sababu ombi la ruhusa humwendea mwenye folda, na mwenye folda alikuwa mtu anayeshughulika na sayansi. Dharau ilimpanda kama kawaida, ya moto na yenye kuliwaza. Lakini safari hii haikukaa vizuri. Byalkov alikuwa amefunga dirisha. Mlango aliufunga Tsonka mwenyewe.

"Basi wape wote haki ya kuhariri," alisema Byalkov kwa ukarimu. "Wafungue kila kitu, yaishe."

"Mara ya mwisho tuliwapa wote haki ya kuhariri, mjumbe mmoja alifuta bibliografia akidhani anafunga ukurasa. Hakuna wa kuhariri tasnifu ya mtu. Watatazama."

"Fanya unavyojua," alisema Byalkov, na akaondoka akiwa na sura ya mtu aliyetatua jambo.

Alifanya. Mstari wa chini aliurudisha kwenye walioorodheshwa peke yao, maana tasnifu haikuwa ya kusomwa na chuo kizima, na mpwa anayeingoja nafasi naye alikuwa na akaunti ya chuo. Wazo hilo halikumjia siku ile ya kwanza, na sasa lilimfanya afumbe macho. Juu aliandika anwani za jopo moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila moja akachagua mtazamaji. Kwa watu wa nje mashine ilimwonya kwamba hawa si wa taasisi yake, je, ana hakika? Alikuwa na hakika. Akaacha watazamaji waruhusiwe kupakua na kuchapisha, kwa sababu Hrisimov alikuwa wa kizazi kinachosoma kwenye karatasi. Ombi la Manol alimwandikia Byalkov alikatae, halafu akaweka anwani yake mwenyewe ya nyumbani kama mtazamaji, akarudi kwenye dirisha la faragha, akajaribu. Folda ikafunguka. Akajiondoa kwenye orodha, akapiga simu Sofia.

Ilikuwa Jumanne asubuhi Hrisimov alipokubali kuzungumza.

"Nasikiliza," alisema, kwa sauti ya mtu anayesubiri kupigiwa magoti.

"Profesa, nimekuongeza kwa jina lako. Una barua ya mwaliko. Bonyeza kiungo kilichomo."

Kubonyeza kukasikika.

"Sina ruhusa."

"Tafadhali nisomee kilichoandikwa chini ya hilo kufuli. Kuna anwani ya barua pepe hapo. Ni ya nani?"

"Ni ya Vesela."

"Vesela ni nani?"

"Mke wangu. Kompyuta ni yake. Yangu ina tatizo la kipanya."

"Na barua yako ya chuo umeifungulia humohumo?"

"Ndiyo, pembeni ya yake. Mimi si mjinga, bibie."

"Basi mko wawili ndani ya kivinjari kimoja, na aliyeingia kwanza ni yeye. Unapobonyeza, mashine inadhani anayegonga ni mkeo. Na mkeo sijamwalika. Bonyeza pale penye kubadilisha akaunti, chagua ya kwako."

"Kwa hiyo nimekataliwa kwa sababu ya mke wangu."

"Leo, ndiyo."

"Vesela," ilisikika sauti yake ikigeukia ndani ya nyumba, "umenizuia kusoma tasnifu." Na sauti ya mwanamke kutoka mbali, bila haraka: "Laiti ningekuzuia kusoma mengine."

Halafu Hrisimov akasema, "Aha." Folda ilikuwa imefunguka.

Tsonka angeweza kukata simu hapo. Ilikuwa na ladha kama ushindi: mara ya kwanza kosa lilikuwa lake, ya pili la profesa. Lakini Hrisimov hakuwa amemaliza.

"Umesema leo. Na zile siku tisa?"

Alisikia swali lililo chini ya swali. Galena hakuwa na miezi miwili ya kumsubiri mzee huyu apoe. Zaidi ya hilo, kulikuwa na ukweli wa jambo, na Tsonka alikuwa mtu wa kupanga mambo mahali pake.

"Zile siku tisa kosa lilikuwa langu," alisema. "Niliiweka folda ionekane na watu wa chuo tu, nikaijaribu kwa akaunti yangu, nikaona iko sawa. Hukukosea, Profesa. Nilikujibu vibaya. Samahani."

Hakukumbuka mara ya mwisho alipolisema neno hilo katika jengo lile. Lilitoka kavu.

"Nilijua," alisema Hrisimov, akifurahi kiasi cha kuchukiza. "Nilijua tangu mwanzo kwamba si mimi. Mwambie na Byalkov uliyoniambia. Kwa maandishi, nipate nakala."

Akaandika. Mistari mitatu. Byalkov alijibu kwa alama ya kidole gumba.

Tathmini ilifika siku ileile, saa kumi na nusu jioni, kurasa nane zenye saini na hitimisho la kumuunga mkono mtahiniwa. Tsonka aliifungua ili aiweke kwenye ukurasa wa chuo kama kanuni zinavyotaka, na kwa mazoea akaipitia kuona kama majina na tarehe ni sahihi. Kwenye ukurasa wa nne akasimama.

"Linalostahili sifa ya pekee," aliandika Hrisimov, "ni uthabiti wa matokeo katika mashamba yote saba, hadi mavuno."

Mashamba yalikuwa sita. La saba lilichukuliwa na mto masika ya mwaka wa pili, na Galena alitumia sura nzima ya tasnifu kueleza alivyofanya hesabu bila hilo. Saba ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kijitabu cha muhtasari wa tasnifu, kilichopelekwa mtambo wa kuchapa mapema na kosa hilo likasahauliwa humo. Kijitabu hicho Tsonka alikituma kwa posta kwa wajumbe wote wiki tano zilizopita. Kilikuwa mezani kwa Hrisimov muda wote. Kurasa zake nane zilitoka humo, aya kwa aya, maneno yamepinduliwa kidogo. Siku tisa alipiga kelele mlangoni, akaomba mara tatu, akapewa ruhusa kwa jina, akaombwa radhi kwa maandishi, na alipofunguliwa akachungulia ukumbini akarudi zake.

Alikaa na tathmini ile mpaka taa za koridoni zikawaka zenyewe. Kosa lake mwenyewe lilikuwa la kweli, na lilikuwa limemnyima mtu huyu kitu ambacho hakukihitaji. Hakujua aicheke hali hiyo au aionee uchungu. Alijua tu kwamba kwa kanuni tathmini ni halali: ina saini, ina tarehe, imefika kabla ya Ijumaa. Akaiweka kwenye ukurasa wa chuo.

Galena alikuja asubuhi ya pili. Alikuwa ameisoma nyumbani, na macho yake yalikuwa mekundu kwa furaha.

"Bi Tsonka, umeiona? Kurasa nane. Wale wengine waliandika tatutatu. Nilidhani ananichukia." Akavuta kiti, akakaa bila kuambiwa. "Amekosea idadi ya mashamba tu, sijui ameipata wapi saba, lakini nani asiyekosea namba. Hakuna mtu aliyenisoma kwa makini namna hiyo."

Tsonka alikuwa anaandika tangazo la utetezi, tarehe kumi na mbili Desemba, saa tano asubuhi, ukumbi wa pili. Alimalizia mstari kabla ya kuinua kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Alihangaika sana kukusoma."

Akachapa tangazo, akampa alibandike ubaoni kwa mkono wake mwenyewe.